Taa ya kuwasha, taa wa mchuzi

(Maneno niliyozungumza na watengeneza video wa Mtwara na Lindi, tulipokutana Mtwara mjini. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo wadogo zangu.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja asome maneno haya niliyoyaandika ubaoni, kisha amwambie jirani yake video hiyo inahusu nini:

JINSI YA KUTENGENEZA TAA

Nasikia huku mbele kaka anasema ni balbu iliyoungua. Mama aliyekaa dirishani anasema ni samaki, na pale nyuma kuna anayesema ni kutengeneza taa ya chupa kwa betri za tochi. Wote mmesoma sawasawa, na Kiswahili chenu hakina kasoro. Kasoro iko kwenye kichwa hicho, nami ndiye niliyekiandika, nikakiweka kwenye chaneli yangu na kukiacha huko karibu miezi minne.

Wengi hapa mnajua kwamba napika samaki wa pwani. Nimezaliwa Mikindani, na kwetu ukisema unamtengeneza samaki, mtu anaelewa unamparua, unamtoa matumbo, unamkata vipande na kumwosha. Siku hiyo nilinunua taa Feri, wa kutosha sinia kubwa, nikarekodi dakika tisa. Nilionyesha namna ya kuutoa ule mwiba wa mkiani bila kujichoma, namna ya kumchuna, na namna ya kuondoa harufu. Hiyo harufu naomba niieleze kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nitengeneze video. Taa, kama alivyo papa, ana urea nyingi mwilini. Akishakufa, bakteria huigeuza urea kuwa amonia, na ndiyo maana taa aliyekaa juani ananuka kama choo. Watu wengi wanadhani ameoza, wanamtupa au wanamkwepa kabisa. Kumbe ukimpata mapema, ukamchuna haraka na kumloweka kwenye maji yenye ndimu na chumvi, unapata nyama nyeupe, laini, isiyo na miiba midogo, kwa sababu taa hana mifupa, ana gegedu tupu. Mtoto anaila bila mama kukaa naye kuchambua. Nilitaka mama wa Dodoma au wa Songea aliyeletewa taa mkavu na ndugu yake alijue jambo hilo.

Mama huyo hakufika. Waliofika walikuwa watu wa balbu.

Niliwajuaje? Ukiingia `YouTube Studio`, kwenye takwimu za kila video kuna mahali panapoonyesha watazamaji wametokea wapi. Baadhi wametokea kwenye utafutaji, na ukibofya hapo unaletewa orodha ya maneno waliyoyaandika kabla ya kukufikia. Orodha hiyo wengi wetu hatuifungui. Tunaangalia idadi ya watazamaji, tunafurahi au tunanuna, basi. Nilipoifungua ya video ile nilikuta "kutengeneza taa ya sola", "kutengeneza taa ya betri", "taa haiwaki", "kutengeneza taa ya pikipiki". Katika mistari ishirini ya mwanzo niliyoisoma, mmoja tu ulikuwa na neno samaki.

Halafu nikatazama mchoro wa watazamaji wanavyobaki, ule unaoonyesha ni asilimia ngapi bado wapo baada ya sekunde 30. Kwenye video zangu nyingine za samaki, mstari ule hushuka kidogo mwanzoni kisha hutulia. Kwenye hii ulianguka kama nazi. Mtu anaingia, ananiona mimi na kisu na kitu kama sinia jeusi juu ya meza, anatoka. Kijana mmoja aliniandikia kwenye komenti: "Mama nimemaliza bando langu kukusubiri uoneshe waya." Komenti ile niliisoma mara nyingi. Alikuwa na MB zake chache, amekaa mahali gizani na taa yake mbovu mkononi, amenivumilia akiamini baada ya kupika nitafika kwenye waya. Mimi sikukusudia kumdanganya, lakini MB zake zilikwisha vilevile.

Basi tuangalie ni nini hasa kilichotokea, kwa sababu ukikijua unaweza kukizuia.

Neno taa lina maana mbili zisizohusiana hata chembe, na Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo. Lakini tuzungumzapo hatupotezani, na sababu kubwa ni ngeli. Nikisema "taa mkubwa amenaswa", hakuna atakayefikiria balbu. Nikisema "taa kubwa imewaka", hakuna atakayefikiria samaki. Mbuzi huyu ana ndevu, mbuzi hii ina meno ya kukunia nazi. Kamba wanapikwa, kamba zinakatika. Herufi moja au mbili mwanzoni mwa neno linalofuata zinatosha kutenganisha kilicho hai na kisicho hai. Ni chombo kizuri sana tulichorithi, na tunakitumia bila kukifikiria.

Sasa tazameni kichwa changu. Jinsi ya kutengeneza taa. Hakuna sifa wala kitendo kilichochukua kiambishi cha ngeli. Hata umoja na wingi haujulikani, maana taa mmoja ni taa na taa kumi ni taa. Vichwa vya video tunavipenda viwe vifupi, vya "jinsi ya" kufanya hiki na kile, na umbo hilo hilo ndilo linaloondoa viungo vyote ambavyo vingemwongoza msomaji. Na juu ya jina lenye maana mbili nikaweka kitenzi chenye maana mbili. Kutengeneza, kwa mpishi wa Mikindani, ni kuandaa samaki. Kwa nchi nzima ni kurekebisha au kuunda kitu. Kwa hiyo maneno mawili yote yaliegemea upande wa balbu, na mimi peke yangu, kwa sababu nilikuwa namwona samaki mbele yangu, nilidhani nimesema samaki.

Hilo ndilo gumu kuliko yote. Mwenye video hawezi kuuona utata wa kichwa chake. Ameshika maana moja mkononi, na ya pili haimjii. Mimi siku hizi kila kichwa ninachokiandika namtumia mtu ambaye hajui nimerekodi nini, namuuliza swali moja tu: hii inahusu nini? Simwulizi kama kinapendeza, maana atasema kinapendeza. Mdogo wangu yuko Iringa, hajui lugha ya wavuvi, na huyo ndiye ninayemtegemea zaidi. Njia ya pili ni kuandika lile neno lenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia na kuyatazama yanayopendekezwa chini yake kabla hujabofya. Mapendekezo hayo yanatokana na yale ambayo watu huyaandika. Andika "jinsi ya kutengeneza taa", usome. Kama yote yaliyo chini yanahusu maana ile nyingine, ujue neno hilo kwenye utafutaji lina mwenyewe tayari, na wewe ni mgeni. Fanyeni hivyo kwenye simu au kivinjari ambacho hakijaingia kwenye akaunti yenu, kwa sababu mkitumia akaunti ya kila siku, mtaonyeshwa yanayofanana na mnayoyatazama ninyi.

Nilipogundua kosa langu, sikulirekebisha vizuri mara ya kwanza. Nataka niwasimulie jaribio hilo la kwanza, maana nadhani wengi wenu mngefanya hivyo hivyo.

Nilijiambia: ongeza neno la muktadha. Video ni ya samaki, samaki anatoka baharini, mimi natoka Mikindani. Nikaandika "Taa wa baharini Mikindani: jinsi ya kutengeneza". Nikaona nimemaliza. Ngeli ipo, "wa", bahari ipo, na mahali papo.

Watu wa balbu walipungua, kweli. Lakini kwenye orodha ya utafutaji walianza kuonekana watu wapya: "taa za kuvulia dagaa", "uvuvi wa taa", "taa za sola za baharini". Wazee wangu wavuvi mnacheka kwa sababu mmeshaelewa. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga. Zamani ilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia taa za betri na sola, na biashara ya taa hizo ni kubwa. Yaani neno bahari, nililolileta liondoe utata, nalo lina taa zake. Nilimtoa fundi umeme mlangoni nikamkaribisha mvuvi wa dagaa. Na mvuvi anayeandika "uvuvi wa taa" anataka kujua wati ngapi zinatosha, hataki mchuzi.

Hapo nikajifunza kitu ambacho ndicho nilichokuja kuwaambia leo. Neno la muktadha linakusaidia pale tu ambapo haliwezi kukaa na maana ile nyingine. Haitoshi likae vizuri na maana yako. Bahari inakaa na samaki taa, inakaa pia na taa ya mvuvi, kwa hiyo haikati. Chukua neno unalotaka kuliongeza, liweke makusudi kwenye maana usiyoitaka, uone kama linapata pa kukaa. Tulifanye hili pamoja, mnijibu.

Usiku? Taa ya usiku, naam, linakaa tena vizuri kuliko kwa samaki. Tuliache. Kuvua? Kuvua kwa taa, tumeshaliona. Mtumbwi? Taa ya mtumbwi, ipo. Kubwa au mkubwa? Anayetafuta hatilii maanani kiambishi. Katika ile orodha yangu yote sikumkuta mtu aliyeandika "kumtengeneza taa", ingawa ile "m" moja ingetosha kusema ni mnyama. Mtu anapotafuta kwa kidole kimoja kwenye simu anaandika maneno makavu tu. Ngeli inamsaidia anayesoma kichwa chako. Anayetafuta hajaifikia bado.

Sasa mwiba? Taa yenye mwiba... kimya. Haipo. Kuchuna? Hakuna anayechuna balbu. Mchuzi? Haipo. Mkia? Nasikia mmoja anasema taa ya mkia ya pikipiki. Umenifundisha, mdogo wangu, sikuwa nimeifikiria. Basi mkia tuuweke pembeni, na mwiba, kuchuna na mchuzi tuvichukue.

Na samaki lenyewe? Hili linataka uangalifu. "Taa za samaki" zinaweza kuwa taa za kuvutia samaki. Lakini "samaki taa", jina la jumla mbele na jina lake nyuma, kama tusemavyo samaki changu au samaki kolekole, husomeka kwa njia moja tu. Mpangilio umefanya kazi ambayo neno peke yake halikuiweza.

Kichwa nilichokiweka mwishowe, na ambacho kipo mpaka leo, ni hiki:

Samaki taa: jinsi ya kutoa mwiba, kuchuna na kupika mchuzi wa nazi

YouTube inaruhusu herufi 100 kwenye kichwa, pamoja na nafasi. Hicho hakifiki 70. Lakini usitegemee zile mia zote, kwa sababu kwenye simu kichwa kirefu hukatwa mwisho, hasa kinapotokea kidogo pembeni ya video nyingine. Ndiyo maana "samaki taa" imekaa mwanzo kabisa. Kama ningeiweka mwisho, baada ya mwiba na mchuzi, mtu angesoma "Jinsi ya kutoa mwiba, kuchuna na ku..." akabaki anashangaa. Neno linalotenganisha maana likae jirani na neno lenye utata, na yote mawili yakae mbele. Jina la chaneli na namba ya kipindi vinaweza kukatwa bila hasara, kwa hiyo ndivyo vinavyokwenda nyuma.

Kitenzi kutengeneza nimekitoa moja kwa moja. Kiliniuma, kwa sababu ndicho kitenzi chetu, na mama yangu hasemi vingine. Nikakirudisha ndani ya video, kwa mdomo. Sekunde kumi za mwanzo nasema: leo namtengeneza taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Na sentensi ya kwanza ya maelezo chini ya video inasema hivyo hivyo. Huko ndani nina nafasi ya kusema Kikwetu, kwa sababu aliyeingia ameshajua yuko wapi.

Nilibadilisha pia picha ya mbele. Ile ya kwanza nilikuwa nimeichagua katika zile zinazopendekezwa na YouTube yenyewe, ikatokea uso wangu na pembe ya meza. Kichwa chenye utata kikikutana na picha isiyosema kitu, mtazamaji hana pa kushika. Sasa kuna taa mzima juu ya jani la mgomba, mkia na mwiba vinaonekana. Kama kichwa kingebaki kile cha zamani na picha ikawa hii, watu wa balbu wengi wasingebofya. Lakini video ingeendelea kuwekwa mbele yao na kupitwa, mara elfu kwa elfu, ikichukua nafasi bila faida.

Hapa naomba nisimame, maana kuna anayeuliza ubaya uko wapi. Mtazamaji ni mtazamaji, akiingia amehesabiwa. Kwanza kuna bando la yule kijana, na kwangu hilo peke yake lingetosha. Lakini hata kwa anayefikiria chaneli yake tu, hesabu haisimami. YouTube wenyewe wanaeleza kwamba katika utafutaji wanaangalia kichwa, maelezo na yaliyomo kwenye video yanaendanaje na kilichoandikwa, na wanaangalia pia watu waliotafuta hicho wameitazama video hiyo kwa muda gani. Sasa mtu elfu moja wameandika "kutengeneza taa", wameingia kwako na wametoka sekunde ya kumi na tano. Umejitengenezea ushahidi kwamba video yako si jibu la swali hilo. Na kweli si jibu. Tatizo ni kwamba wale wachache wa samaki walioandika maneno hayo hayo nao hawatakuona, maana swali lao na la balbu limeandikwa sawa.

Niwaambie na matokeo, yote. Baada ya kubadilisha, idadi ya mara video ilizoonyeshwa ilishuka sana wiki za mwanzo. Watazamaji wa siku walipungua mpaka karibu nusu. Kama ningeangalia namba hiyo peke yake ningerudisha kichwa cha zamani. Lakini baada ya wiki tatu orodha ya utafutaji ilikuwa imegeuka: "samaki taa", "jinsi ya kupika taa", "kuondoa harufu ya samaki taa". Wastani wa muda wa kutazama, ambao ulikuwa chini ya nusu dakika, ulipita dakika tatu. Na kwenye komenti wakaanza kuja watu wenye maswali ya samaki: je, taa mkavu naye anahitaji ndimu, je, mwiba ukinichoma nifanye nini. Hayo ndiyo maswali niliyokuwa nayasubiri. Watafutaji wa samaki taa ni wachache kuliko watafutaji wa balbu na watabaki wachache. Kichwa hakiwezi kuwazaa ambao hawapo.

Msibadilishe leo na kesho mkabadilisha tena. Acheni wiki mbili au tatu, mrudi kwenye orodha ile ya maneno, mlinganishe. Mkibadilisha kila siku hamtajua kipi kilifanya nini.

Kuna kijana wa Tandahimba, yuko humu ndani na ameniruhusu nimseme bila jina. Yeye alikuwa na neno gumu kuliko langu. Amerekodi video nzuri kuhusu mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambayo msimu wa mavuno yanalala chini ya miti kila shamba na kuanza kuharibika ndani ya siku moja, kwa sababu wengi tunaitaka korosho yenyewe tu. Anaonyesha namna ya kuyakausha na watu anaowauzia. Akaiita "Soko la mabibo". Hapa Mtwara hakuna utata wowote. Dar es Salaam, Mabibo ni mtaa mkubwa kule Ubungo, na soko la Mabibo ni soko la ndizi linalojulikana na kila mchuuzi, lile waliloliita Mahakama ya Ndizi. Kwenye maandishi ya kitabu herufi kubwa ingetenganisha. Kwenye utafutaji hakuna anayeandika herufi kubwa, wala haibadilishi matokeo. Wakaja wachuuzi wa ndizi kutafuta bei.

Nilimshauri aongeze korosho. Akaweka "Soko la mabibo ya korosho", na ushauri wangu ukamletea tatizo jingine. Ilikuwa Oktoba, minada imeanza, na kila mkulima kuanzia Masasi mpaka Liwale anaandika "soko la korosho" na "bei ya korosho". Wakammiminikia. Neno korosho lilikata maana ya mtaa, lakini lina watu wake wengi mno, na watu hao wanataka bei ya mnada. Kwa hiyo kipimo kile nilichowapa kina nyongeza: neno unaloliongeza nalo lina umati wake, na mnapoliita mnauita na umati huo. Mkilichukua neno kubwa, mjiulize kama mko tayari kuwapokea watu wake.

Suluhisho alilipata mwenyewe, si mimi. Akaondoa soko, akaondoa korosho, akaandika "Kukausha mabibo: hatua zote na wanaoyanunua". Kitenzi kimoja kimefanya kazi yote, kwa sababu hakuna awezaye kuukausha mtaa wa Dar es Salaam. Nilipoona hivyo nikaelewa kwamba mara nyingi kitenzi ni chepesi kuliko jina. Jina la nyongeza linaleta umati wake. Kitenzi kinachofaa kinafunga mlango tu. Ndiyo maana anayeandika "Jinsi ya kugema tembo" hahitaji kuongeza mnazi, maana ndovu hagemwi, ingawa mkoa wa Lindi ndovu tunao na wanavunja mashamba. Na anayeandika "Mbuzi wa kienyeji kuzaa mapacha" aache hivyo hivyo. Mbuzi ya nazi haizai. Naomba msitoke hapa mkaanza kurundika maneno kwenye vichwa ambavyo vilikuwa wazi.

Jambo dogo la mahali, kwa sababu nimeona vichwa vyenu kadhaa vimeandikwa "chakula cha Kusini", "ngoma za Kusini". Kwetu Kusini ni Lindi na Mtwara, hatuna haja ya kuelezana. Mtu wa Unguja akisoma anafikiria mkoa wake wa Kusini, na anayetafuta akiwa Nairobi anaweza kuletewa Afrika Kusini na Sudan Kusini. Andikeni Mtwara, au Newala, au Kilwa.

Muda wangu umebaki mchache, na mama yule wa dirishani ameinua mkono tangu mwanzo. Karibu mama.

(Mama akasema anauza kamba waliokaushwa kutoka Kilwa, na kwamba video yake inaitwa "Kamba kavu bei nafuu". Anapigiwa simu na wenye majahazi na wenye ng'ombe, wanaotaka kujua kamba ni ya katani au ya nailoni. Tukaifanya kazi hiyo pamoja ubaoni.)

Mama, neno "kavu" peke yake limekuumiza. Kamba wako ni wanyama, kwa hiyo ni wakavu, na ukiandika kavu hata ngeli umeipeleka upande wa katani. Tuanze hapo: kamba wakavu. Anayesoma ameshaelewa. Anayetafuta tumpe neno jingine. Nani anapendekeza? Baharini? Kamba ya jahazi nayo ni ya baharini, mama ameshapigiwa simu na watu hao. Bei kwa kilo? Kaka fundi anasema kamba za nailoni nazo hupimwa kwa kilo dukani. Uduvi? Hapana, uduvi ni wale wadogo sana, mama atakuwa anauza kitu kingine na mteja atalalamika. Mzee wangu pale anasema kamba miti. Naam, ndilo jina lenyewe la wale kamba wa kupikwa, tunalitofautisha na kamba kochi. Nalo halimhusu mwenye jahazi. Tulichukue. Na tuongeze chakula kimoja ambacho mnunuzi wako anapikia. Mama, wateja wako wanawapikia nini? Pilau. Basi andika, tena simu yako unayo hapo, andika sasa hivi:

Kamba miti wakavu wa pilau, kutoka Kilwa